Nambari tatu za mkataba mmoja: malipo ya mwanzo na malipo ya mwisho wa kipindi

Swali: "Tumekodi mashine kwa miaka mitano, malipo ni 1,000,000 kila mwaka, na ya kwanza tulilipa siku tuliyokabidhiwa mashine. Riba tunayotumia ni asilimia 10. Mimi nimepata thamani ya sasa ya 3,790,787. Mhasibu mwenzangu amepata 4,169,865. Mkaguzi wa hesabu ameandika 3,169,865 kwenye karatasi zake. Malipo ni yaleyale matano, riba ni ileile. Nani amekosea, na kwa nini tofauti iwe kubwa hivi?"

Upande wa deni katika vitabu vyenu, andika ya mkaguzi. Ya mwenzako nayo ni sahihi, ila inajibu swali jingine. Yako ndiyo yenye shida, ingawa si shida ya hesabu: umekokotoa vizuri kabisa thamani ya mkataba ambao hamkuusaini.

Chukua karatasi uchore mstari mmoja wa mlalo. Upande wa kushoto kabisa weka nukta na uiite 0. Hiyo ndiyo siku mliyokabidhiwa mashine. Kila baada ya mwaka mmoja weka nukta nyingine: 1, 2, 3, 4, 5. Nukta ya 1 ni siku mwaka wa kwanza unapokamilika. Sasa weka malipo yenu juu ya nukta. La kwanza lilitoka siku ya makabidhiano, kwa hiyo linakaa juu ya 0. La pili linatoka mwaka wa pili unapoanza, yaani juu ya 1. La tatu ni juu ya 2, la nne juu ya 3, na la tano juu ya 4. Nukta ya 5 inabaki tupu, kwa sababu siku hiyo mnarudisha mashine na hakuna anayemdai mwenzake.

Katika hesabu yako malipo hayo matano yamekaa juu ya nukta 1, 2, 3, 4 na 5. Hiyo ndiyo anuiti ya kawaida: mfululizo wa malipo sawa ambapo kila lipo linafika kipindi kikiisha. Mikopo mingi ya benki iko hivyo, na ndiyo maana majedwali ya vitabuni na kompyuta huanzia hapo bila kukuuliza. Mkataba wenu ni wa aina ya pili, anuiti ya malipo ya mwanzo, ambapo kila lipo linatangulia kipindi chake. Kodi ya nyumba, ada ya bima na ukodishaji wa vifaa kwa kawaida huangukia huku. Anayetoa kitu chake kitumike anataka kulipwa kabla hakijatumika, na kwa kweli huwezi kumlaumu.

Twende kwenye fedha zenyewe. Kwa riba ya asilimia 10, milioni moja inayolipwa baada ya mwaka mmoja ina thamani ya sasa ya 909,091, kwa kuwa 909,091 ukiiweka leo kwa riba hiyo inakuwa milioni moja mwakani. Ikilipwa baada ya miaka miwili, thamani yake leo ni 826,446. Miaka mitatu, 751,315. Minne, 683,013. Mitano, 620,921. Ukijumlisha hizi tano pamoja na desimali zake unapata 3,790,787, nambari yako. Lakini milioni mliyoitoa siku ya makabidhiano haikusubiri chochote. Thamani yake ya sasa ni milioni kamili. Kwa hiyo jumla ya mkataba wenu ni 1,000,000 na 909,091 na 826,446 na 751,315 na 683,013, yaani 4,169,865. Hiyo ni ya mwenzako.

Weka orodha hizo mbili sambamba uone zinapotofautiana. Nambari nne zinafanana neno kwa neno. Kilichobadilika ni kimoja tu: orodha yako ina 620,921, ile ya milioni inayongoja miaka mitano, na orodha ya mwenzako badala yake ina milioni nzima ya leo. Tofauti ya hizo mbili ni 379,079, na ndiyo tofauti yote iliyopo kati yenu. Kuyawahisha malipo yote matano kwa mwaka mmoja ni sawasawa na kuliondoa lipo la mwisho kabisa na kulileta leo.

Kuna njia nyingine ya kuiona tofauti hiyohiyo, na hii ndiyo inayotoa kanuni. Kila lipo katika mkataba wenu linatangulia lipo la mkataba wako wa kubuni kwa mwaka mmoja. Kila moja, bila kubakiza, limekwepa mwaka mmoja wa kupunguzwa. Kwa hiyo kila moja lina thamani kubwa zaidi kwa mara 1.10, na jumla nayo lazima iwe kubwa kwa mara 1.10. Zidisha 3,790,787 kwa 1.10, utapata 4,169,865 ukiacha desimali. Kwa maandishi ya kanuni, PV ikiwa thamani ya sasa, C lipo moja, r riba ya kipindi kimoja na n idadi ya malipo:

```
PV mwisho  = C × (1 − (1 + r)^−n) / r
PV mwanzo  = PV mwisho × (1 + r)
```

Uwiano huo unafaa kuukumbuka hata ukisahau mengine yote. Ukiona watu wawili wamekokotoa mkataba mmoja na majibu yao yanatofautiana kwa mara moja na riba ya kipindi, si zaidi wala pungufu, huna haja ya kukagua hesabu zao mstari kwa mstari. Mmoja ameweka malipo mwanzo, mwingine mwisho. Ufungue mkataba usome tarehe.

Sasa ya mkaguzi, ambayo nadhani ndiyo iliyokuudhi zaidi kwa kuwa ni ndogo kuliko zote. Angalia tena mstari wako. Mkaguzi amesimama kwenye nukta ya 0, lakini dakika chache baada ya milioni ya kwanza kutoka. Mbele yake anaona malipo manne juu ya nukta 1, 2, 3 na 4. Hayo yakihesabiwa kutoka mahali aliposimama ni anuiti ya kawaida ya malipo manne: 909,091 na 826,446 na 751,315 na 683,013, jumla 3,169,865. Ukiongeza milioni iliyokwisha kulipwa unarudi kwenye 4,169,865. Kwa hiyo mkaguzi na mwenzako wanasema jambo moja. Mmoja anasema mkataba mzima una thamani gani, mwingine anasema bado mnadaiwa kiasi gani.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Mwisho wa mwaka wa kwanza na mwanzo wa mwaka wa pili ni nukta ileile kwenye mstari. Hakuna pengo kati yao. Kwa hiyo lipo linalokaa juu ya nukta ya 1 halina tabia ya kuwa "la mwanzo" au "la mwisho" lenyewe. Linategemea unahesabia ukiwa umesimama wapi. Malipo yaleyale manne ni anuiti ya kawaida ukiwa kwenye nukta ya 0, na ni anuiti ya malipo ya mwanzo ukiwa kwenye nukta ya 1. Anayeuliza "hii ni anuiti ya aina gani?" kabla ya kusema anapima thamani ya siku gani, bado hajauliza swali kamili. Mimi huwaambia wanaoanza kazi hii wasahau majina kwanza, waseme tu: siku ya kupima ni ipi, na lipo la kwanza liko umbali gani kutoka siku hiyo. Likiwa umbali wa sifuri, ni malipo ya mwanzo. Likiwa umbali wa kipindi kimoja, ni ya kawaida. Mengine yanajipanga yenyewe.

Kwa nini vitabu vya hesabu vinataka ya mkaguzi? Kwa sababu kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa ukodishaji, IFRS 16, kilichoanza kutumika 1 Januari 2019, kinasema dhima ya ukodishaji ipimwe kwa thamani ya sasa ya malipo ambayo bado hayajalipwa siku ukodishaji unapoanza. Lililokwisha kulipwa siku hiyo si deni tena. Lakini halipotei: linaingia kwenye gharama ya mali ya haki ya kutumia, yaani upande wa mali. Kwa hiyo siku ya kwanza mnadebiti mali 4,169,865, mnakrediti fedha taslimu 1,000,000, na mnakrediti dhima 3,169,865. Nambari ya mwenzako ikakaa upande wa mali, ya mkaguzi ikakaa upande wa deni, na yako haikupata pa kukaa. (Nimechukulia hamkuwa na gharama nyingine za kuanzisha mkataba wala punguzo mlilokwisha kupokea kutoka kwa mwenye mashine; zikiwepo zinabadilisha upande wa mali, deni linabaki vilevile.)

Usiniamini kwa maneno. Zungusha deni mpaka mwisho uone kama linaisha. Mnaanza na 3,169,865. Mwaka mmoja unapita, riba ya asilimia 10 ni 316,987, deni linafika 3,486,852. Mnalipa milioni, linabaki 2,486,852. Mwaka wa pili riba ni 248,685, deni 2,735,537. Mnalipa, linabaki 1,735,537. Mwaka wa tatu riba ni 173,554. Mkilipa linabaki 909,091. Mwaka wa nne riba ni 90,909, deni linakuwa milioni kamili, mnalipa milioni ya mwisho, na linabaki sifuri. Nambari iliyoanza sawa humalizikia sifuri siku ya lipo la mwisho.

Sasa fanya hivyohivyo kwa nambari yako. Chukulia mngeandika deni la 3,790,787 siku ya kwanza. Baada ya riba na lipo la nukta ya 1 linabaki 3,169,865. Baada ya lipo la nukta ya 2, 2,486,852. Baada ya la 3, 1,735,537. Baada ya la 4, ambalo ndilo la mwisho kwenye mkataba, vitabu vyenu vingekuwa bado vinaonyesha deni la 909,091, na hakuna mtu duniani anayewadai fedha hiyo. Hivi ndivyo kosa hili hugunduliwa mara nyingi: miaka inapita kimya, kisha mkataba unakwisha na pana salio lisilo na mwenyewe. Mtu aliye na haraka hulifuta kwa ingizo moja na kuliita "marekebisho". Kwa hiyo ukikuta salio la aina hiyo kwenye mkataba wa zamani, lizidishe kwa moja na riba ya kipindi. Likitoa lipo moja kamili, kama 909,091 mara 1.10 inavyotoa milioni, umeshajua kilichotokea: malipo ya mwanzo yalihesabiwa kama ya mwisho.

Kosa pacha lake ni kuandika 4,169,865 upande wa deni na kusahau kwamba milioni ya kwanza imeshatoka. Hapo salio mwishoni huwa 1,464,100, yaani ile milioni iliyosahauliwa ikiwa imejilimbikizia riba kwa miaka minne. Hili huonekana mapema zaidi, kwa kuwa fedha taslimu za siku ya kwanza hazisawiani na benki.

Umeuliza kwa nini tofauti iwe kubwa hivi. Asilimia 10 ya thamani ni nyingi, kweli, lakini sehemu inayouma zaidi haiko kwenye thamani. Iko kwenye riba, pale mtu anapofanya hesabu kinyumenyume: ana bei ya kitu na ana malipo, anataka kujua riba anayotozwa. Tuache ukodishaji kidogo, tuseme mtu anauziwa mashine kwa awamu, na baada ya awamu ya mwisho mashine ni yake. Bei ya taslimu ni 3,790,787. Awamu ni tano za milioni moja. Muuzaji anasema riba ni asilimia 10, na ukiingiza nambari hizo kwenye kikokotoo kilichowekwa kwenye malipo ya mwisho, kweli unapata asilimia 10. Kisha unasoma mkataba: awamu ya kwanza inalipwa siku ya kuchukua mashine.

Hesabu riba upya. Ukitoa milioni siku hiyo, kwa kweli hujakopeshwa 3,790,787. Umekopeshwa 2,790,787, kwa sababu milioni moja imetoka mfukoni mwako mwenyewe. Na mkopo huo unaurudisha kwa malipo manne ya milioni moja, la kwanza baada ya mwaka. Riba gani inafanya malipo manne ya milioni yawe na thamani ya sasa ya 2,790,787? Jaribu asilimia 16, unapata 2,798,181, imezidi kidogo. Jaribu 17, unapata 2,743,235, imepungua mno. Iko kati yao, karibu sana na 16. Ukiikaribia zaidi ni takriban 16.13. Izungushe kama tulivyofanya juu uhakikishe: 2,790,787 ikiongezewa riba hiyo na kutolewa milioni mara nne inafika karibu na sifuri, ikiacha chenji ndogo ya kukadiria desimali.

Asilimia 10 imegeuka 16.13 bila mtu kubadilisha lipo hata moja, wala bei, wala idadi ya awamu. Wengi hudhani kuwa kwa vile thamani inapanda kwa asilimia 10 ya yenyewe, riba nayo itapanda kutoka 10 hadi 11 tu. Sivyo. Mkopo wenyewe umepungua kwa zaidi ya robo na muda wa kuurudisha umefupishwa kwa mwaka mzima, lakini jumla ya riba kwa fedha tupu imebaki ileile, 1,209,213. Kiasi kilekile cha riba juu ya deni dogo kwa muda mfupi lazima kitoe asilimia kubwa.

Kama muuzaji kweli anataka asilimia 10 na anataka awamu ya kwanza leo, awamu ya haki si milioni. Ni milioni gawanya kwa 1.10, yaani 909,091. Unaweza kuijaribu: 3,790,787 toa 909,091 inabaki 2,881,696; izungushe kwa asilimia 10 ukitoa 909,091 kila mwaka mara nne, itaisha sawasawa. Hiyo ndiyo hoja ya kupeleka mezani. Usibishane kuhusu asilimia. Uliza tu awamu itakuwa kiasi gani ikilipwa mwanzo na itakuwa kiasi gani ikilipwa mwisho. Jibu likiwa "ni ileile", umeshajua kuwa riba iliyotajwa ni ya moja kati ya hali hizo mbili, na si lazima iwe ile unayosaini.

Athari hii ni kubwa hivi kwa sababu vipindi vyenu ni vya mwaka mzima na ni vichache. Malipo ya kila mwezi hayashtui. Chukua malipo 60 ya 100,000 kila mwezi kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Yakilipwa mwisho wa mwezi thamani ya sasa ni 4,495,504. Yakilipwa mwanzo ni 4,540,459. Tofauti ni asilimia 1 tu, kwa kuwa kila lipo limesogea mwezi mmoja, si mwaka. Na hapa ndipo watu walioshika kanuni kwa kichwa huanguka: wanajua "zidisha kwa moja na riba", wanaona mkataba umeandika asilimia 12 kwa mwaka, wanazidisha kwa 1.12, wanapata 5,034,964. Wamesogeza malipo ya mwezi kwa mwaka mzima. Riba inayozidisha ni ya kipindi kimoja cha malipo, ileile uliyoitumia kupunguza, si nyingine. Ukiwa na shaka, angalia: jibu la malipo ya mwanzo toa jibu la malipo ya mwisho haliwezi kamwe kuzidi lipo moja. Maana tumeona juu kwamba tofauti yote ni kubadilishana lipo la mwisho kwa la leo. Hapa 4,540,459 toa 4,495,504 ni 44,955, iko ndani ya 100,000. Lakini 5,034,964 toa 4,495,504 ni 539,460, zaidi ya malipo matano. Haiwezekani.

Kuhusu kompyuta, nina hakika ndiyo iliyokuponza. Kwenye Excel kazi ya PV ina nafasi tano, na ya tano ndiyo inayosema malipo ni ya mwanzo au ya mwisho. Ukiiacha wazi inachukulia 0, yaani mwisho. Haikupi onyo lolote.

```
=PV(0.1,5,-1000000)        → 3,790,786.77
=PV(0.1,5,-1000000,0,1)    → 4,169,865.45
=PV(0.1,4,-1000000)        → 3,169,865.45
```

Mstari wa kwanza ni wako, wa pili wa mwenzako, wa tatu wa mkaguzi. Alama ya kutoa iko pale kwa sababu Excel huchukulia fedha inayotoka kuwa hasi. Ukiiacha utapata jibu lilelile likiwa hasi. Kuwa mwangalifu zaidi na NPV. Kazi hiyo haina nafasi ya kuchagua: nambari ya kwanza unayoipa inaipunguza kwa kipindi kimoja, kila mara. Ukiipa malipo yako yote matano kuanzia la siku ya kwanza, itakurudishia 3,790,786.77 kana kwamba la kwanza linalipwa mwakani. Lipo la leo liweke nje ya mabano, kisha NPV ishughulikie manne yaliyobaki:

```
=1000000+NPV(0.1,B2:B5)
```

Kwenye vikokotoo vya fedha swichi hiyo huitwa BGN kwa malipo ya mwanzo na END kwa ya mwisho. Kikiachwa kwenye BGN na aliyekitumia kabla yako, mikopo yako yote ya benki siku hiyo itatoka na thamani kubwa kuliko inavyostahili. Na ukirithi faili la mtu mwingine, chunguza kama hajasahihisha mara mbili: ameweka 1 kwenye nafasi ya tano, halafu mwishoni amezidisha tena kwa moja na riba "kwa sababu malipo ni ya mwanzo". Kwa mkataba wenu hiyo ingetoa 4,586,852. Kuna jaribio dogo linalofichua makosa ya aina hii bila kusoma kanuni yoyote: badilisha idadi ya malipo iwe moja. Faili la malipo ya mwanzo lazima litoe 1,000,000 kamili, kwa kuwa lipo moja la leo thamani yake ni lenyewe. Likitoa 909,091 limewekwa kwenye mwisho. Likitoa 1,100,000 limesahihishwa mara mbili. Usijaribu kwa riba ya sifuri, kama wengine wanavyofanya. Riba ikiwa sifuri aina zote mbili hutoa 5,000,000 na hutajifunza kitu.

Kabla hujabadilisha nambari yako, hakikisha jambo moja kwenye benki, si kwenye mkataba: ile milioni ya kwanza ilitoka lini hasa? Hesabu zote hapa juu zimesimama juu ya maneno yako kwamba ililipwa siku ya makabidhiano. Mikataba mingi husema malipo ni "ya mwanzo wa mwaka" na kifungu kingine, kurasa kadhaa mbele, kinampa mkodi siku kadhaa tangu ankara. Kama malipo yenu yote yangekuwa yanatoka miezi mitatu baada ya kila mwaka kuanza, basi yangekuwa si ya mwanzo wala ya mwisho. Kila moja lingepunguzwa robo mwaka zaidi: 4,169,865 ungeigawanya kwa 1.10 iliyoinuliwa kipeo cha 0.25, yaani kwa 1.0241, upate takriban 4,071,700. Hiyo ni karibu 98,000 chini ya nambari ya mwenzako. Na hapo hata nambari ya mkaguzi isingesimama, kwa sababu siku ya makabidhiano malipo yote matano yangekuwa bado hayajalipwa, na dhima ingekuwa hiyo 4,071,700 nzima. Mpe mkaguzi taarifa ya benki inayoonyesha tarehe ya lipo la kwanza, iwekwe nyuma ya karatasi yake yenye 3,169,865.